Uzito wa kichwa si tiketi ya kutangulia

"Nikiandika `title^3` kwenye utafutaji wa Elasticsearch, si kila hati yenye neno kwenye kichwa itatangulia?"

Hapana, hiyo 3 huzidisha alama za kichwa tu. Tuseme mtu anatafuta "betri kuvimba". Hati moja ina "betri" kichwani: 1.2 mara 3 ni 3.6. Nyingine ina maneno yote mawili ndani ya matini: "betri" 0.8, na "kuvimba", ambalo ni adimu, 4.2. Jumla 5.0, basi inatangulia, na inastahili. Ukipandisha uzito hadi 10, ile ya kwanza inapata 12 na kushinda, ingawa haigusi kuvimba hata kidogo. (Wengi hufika hapo kwa hasira.) Kabla ya kugusa namba, washa `explain` kwenye Elasticsearch uone kila alama imetoka wapi. BM25, fomula inayokokotoa alama hizo, hupima urefu wa kichwa dhidi ya wastani wa vichwa vingine, si dhidi ya matini.