Je, wajua mwongozo wa kusahihisha hukubalije jibu ambalo halimo ndani yake?

Mwalimu mtungaji anauliza: "Tukiandika 'kubali jibu lingine lolote sahihi', kila mwalimu anasahihisha kivyake. Tukiandika jibu moja tu, tunawaonea watoto. Sasa tufanyeje?"

Acha kuorodhesha majibu. Andika wazo ambalo kila alama inalilipia, kisha weka chini yake yale majibu yaliyo karibu kabisa na mpaka, ya ndani na ya nje. Jibu jipya likizuka katikati ya kazi, liamuliwe mahali pamoja, na uamuzi huo urudi hadi kwenye skripti zilizokwisha kupita.

Imani iliyoenea ni kwamba alama huwa sawa pale mwongozo unapokuwa mfupi na mkali: jibu moja, mjadala umekwisha. Mwaka 1912 huko Marekani, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott waliwapa walimu wengi wa sekondari nakala za karatasi zilezile za mtihani wa Kiingereza wazisahihishe. Karatasi moja ilipata alama kuanzia 64 hadi 98, nyingine kuanzia 50 hadi 97. Ilikuwa rahisi kusema kwamba hiyo ni lugha, kila mtu na ladha yake. Mwaka 1913 wakafanya hivyohivyo kwa karatasi ya jiometria, somo ambalo jibu ni jibu. Alama zilitoka 28 hadi 95. Somo la uhakika lilitawanyika kuliko somo la ladha, kwa sababu kila mwalimu aliamua mwenyewe alama zinalipia nini: jibu la mwisho, njia, mpangilio au unadhifu.

Tuseme shule tano za kata moja zina mtihani wa ujirani mwema, na kwenye karatasi ya sayansi ya darasa la sita kuna swali hili: *Eleza kwa nini nguo zilizofuliwa hukauka haraka siku yenye upepo. (Alama 2)*. Mtungaji ameandika kwenye mwongozo: "Upepo huondoa hewa yenye mvuke iliyo karibu na nguo, hivyo uvukizaji huongezeka." Ni jibu zuri, na liko peke yake.

Mtoto anaandika: "Upepo unafukuza unyevunyevu wa kwenye nguo ili maji mengine nayo yapate kutoka." Mwalimu wa kwanza anaona kwamba mtoto ameelewa, anampa 2. Wa pili anatafuta neno "mvuke" na neno "uvukizaji", hayaoni, anampa 0. Hakuna aliyeasi mwongozo, maana mwongozo haukusema unalipia maneno au wazo. Ukali wake haukuondoa uamuzi wa mtu binafsi, umeusukuma tu mahali pasipoonekana.

Basi wengine hukimbilia upande wa pili, wakadhani dawa ni orodha ndefu. Wanaongeza "unyevunyevu", "hewa mbichi", "majimaji", na kadiri orodha inavyorefuka ndivyo msahihishaji aliyechoka anavyogeuka mtafuta maneno. Hapo linapita jibu kama "Upepo huongeza mvuke karibu na nguo hivyo uvukizaji huwa mkubwa." Maneno yote muhimu yamo, na wazo limepinduliwa kichwa chini.

Mwenye shamba hajulishi mpaka wake kwa kuhesabu miti iliyomo ndani. Anapanda minyaa ukingoni, na huipanda kwa wingi pale ambapo jirani anaweza kukosea, siyo upande wa mto ambako hakuna wa kugombana naye. Mti mpya ukiota katikati ya shamba hauhitaji kuandikwa popote, maana unajulikana ni wa nani. Mwongozo mzuri unafanya hivyo: haupotezi mistari kwa majibu ambayo kila mwalimu angeyakubali, wala kwa upuuzi ambao kila mwalimu angeukataa. Mistari yake yote imesimama ukingoni.

Kwa swali letu, mwongozo ungeweza kusomeka hivi:

Alama ya 1. Jibu lioneshe kwamba upepo unaondoa unyevu uliokwishatoka kwenye nguo, au unaleta hewa kavu mahali pake.
*Kubali:* "unafukuza unyevunyevu". *Kataa:* "unaondoa maji kwenye nguo", kwa kuwa halioneshi kwamba maji yametoka kwa kugeuka mvuke.

Alama ya 2. Jibu lioneshe kwamba kwa sababu hiyo maji mengine yanageuka mvuke haraka zaidi.
*Kubali:* "maji mengine yapate kutoka". *Kataa:* "kwa hiyo zinakauka haraka", maana hilo ni swali lenyewe limerudishwa.

Puuza: makosa ya tahajia, na lolote kuhusu jua lisilopingana na sayansi.

Kila jibu linalokataliwa lina sababu yake pembeni. Sababu ndiyo inayomwezesha mwalimu kuamua jibu la kumi na moja ambalo mwongozo haukulitaja. "Puuza" nalo si sawa na "kataa": jambo linalopuuzwa halimpi mtoto alama wala halimnyang'anyi. Bila neno hilo, mwalimu mmoja ataliona jambo la ziada kuwa pambo na mwingine ataliona kuwa kosa.

Majibu ya ukingoni hayatoki kichwani mwa mtungaji. Yeye anajua jibu, kwa hiyo hawezi kukisia vizuri namna ya kulikosa. Yanatoka kwenye skripti zenyewe: kabla kazi haijaanza rasmi, chukua kama thelathini kutoka shule zote tano, za watoto wa kila kiwango, uzisome bila kutoa alama. Idadi hiyo ni mazoea ya kazi, si sheria. Kipimo halisi ni kwamba unaweza kuacha pale skripti zinapokoma kukuletea aina mpya ya jibu.

Na zitakuletea vituko. Mtoto ataandika "upepo huleta joto", na mkono utakimbilia kukata. Lakini nguo inayokauka hupoa ikawa baridi kuliko hewa inayoizunguka, na hewa inayopita kwa kasi huirudishia joto ambalo maji yanalihitaji ili yageuke mvuke. Kwa hiyo mtoto anayesema kwamba hewa inayopita inaipa nguo joto la kugeuza maji kuwa mvuke yuko sahihi kabisa, pengine kuliko mtungaji alivyotarajia, ilhali anayesema upepo unaongeza joto la jua amekosea. Jibu la maneno matatu halioneshi ni yupi kati ya hao wawili. Hapo mwongozo hauna budi kuchagua, na mimi ningechagua kutotoa alama mpaka joto lihusishwe na maji ya kwenye nguo. Jopo lingine lingeweza kuamua vingine bila kukosea, ilimradi liamue mapema na liandike.

Aliyeandika sahihi na kosa pamoja, kwa mfano "upepo unaondoa unyevu na kuongeza joto la jua", anahitaji kanuni pia. Baadhi ya bodi za mitihani hutumia kanuni ya kufutana: kosa linalopingana na sayansi linafuta hoja moja sahihi, ili anayemwaga kila anachokijua asimpite aliyejibu moja na kutulia. Mtoto huyu angebaki na sifuri, na walimu wengi huumia kuiandika. Ukiona ni kali mno kwa darasa la sita, ilegeze, lakini ilegezwe kwenye karatasi kwa wote, siyo moyoni mwa mmoja.

Yote hayo bado hayajamgusa mtoto atakayeandika kitu ambacho hakuna aliyekifikiria. Siku ya pili ya kazi mwalimu anakutana na hili: "Upepo unaikunjua nguo, inaguswa na hewa pande zote, maji yanageuka mvuke kwa wingi." Ni kweli, linajibu swali, na linadai uelewa uleule wa alama mbili. Hayo matatu ndiyo maswali ambayo kiongozi wa kundi anapaswa kuyauliza, na jibu hili limeyapita yote. Linapewa 2. Shida ni watoto wa jana. Huenda wanne walisema hivyo wakapewa 0, mmoja akapewa 2 na mwalimu mwenye huruma, na hakuna anayejua wako kwenye bahasha ipi.

TIMSS, utafiti wa kimataifa wa hisabati na sayansi shuleni ulioanza mwaka 1995, una ujanja mzuri kwa hili. Msahihishaji haandiki alama tupu, anaandika namba ya tarakimu mbili. Ya kwanza inaonesha kiwango cha alama na ya pili inaonesha aina ya jibu. Majibu ya alama mbili huanza na 2, ya alama moja huanza na 1, na ya makosa, kwa kituko cha kupendeza, huanza na 7. Tarakimu ya pili ikiwa 9 maana yake ni "aina nyingine". Lengo lilikuwa kujua watoto wanawaza nini, lakini ukiuleta kwenye mtihani wa kata unatatua tatizo letu pia.

Jibu la unyevu kuondolewa linaandikwa 21, au 11 likiishia kwenye alama ya kwanza. Jibu sahihi lisilo kwenye mwongozo linaandikwa 29, na jibu geni lililoonekana kosa linaandikwa 79. Uamuzi kuhusu nguo kukunjuka ukitangazwa, unapewa namba yake, 22, na wanaorudiwa ni wenye 29, 19 na 79 tu. Kama skripti ni 240 na zenye 9 ni kumi na saba, unafungua kumi na saba. Ile kauli ya "jibu lingine lolote sahihi" inakubalika tena, kwa sababu sasa inaacha alama ya mguu.

Kuhakikisha kwamba mambo yamekaa sawa, walimu wawili wasahihishe skripti ishirini zilezile, kila mmoja akiandika kwenye karatasi yake bila kuona za mwenzake. Walinganishe skripti kwa skripti, wasilinganishe wastani. Mwalimu wa kwanza akiwapa 2 watoto wanne ambao mwenzake amewapa 1, na mwenzake akafanya hivyo kwa wengine wanne, wastani wao utalingana huku watoto wanane wakiwa na alama zinazotegemea bahasha yao ilimwangukia nani. Namba zitaonesha pia tatizo liko wapi: mgongano ukiwa zaidi kati ya 21 na 11, basi mstari wa alama ya pili haueleweki. Skripti ishirini ni chache, hivyo zikikubaliana zote hazithibitishi mengi. Zikipingana, zinatosha kusimamisha kazi.

Ikiwa 29 zimekuwa nyingi kuliko 21, ubovu uko kwenye swali. Mwakani liulizwe hivi: "Upepo unafanya nini kwa hewa iliyo karibu na nguo mbichi, na hilo linaharakishaje kukauka kwake?" Hapo njia ya nguo kukunjuka imefungwa kwa haki, maana mtoto ameambiwa kabla ya kujibu. Kwa mtihani uliokwisha kufanyika haiwezi kufungwa, na wote walioipita kwa usahihi wanastahili alama zao.