Gesi ya friji haiishi: soma bati kabla ya kutoa pesa

Joto la Dar es Salaam likianza kupanda mwezi Novemba, dawati letu la malalamiko ya walaji hugeuka dawati la mafriji. Yanayoletwa kwetu si mapya, kwa kuwa mapya yana waranti na duka la kurudi. Ni ya mtumba, yaliyonunuliwa kando ya barabara, kwa dalali, au kwa mtu aliyesema anahama. Na mlalamikaji karibu kila mara huanza hivi: "Lilikuwa zima kabisa, ni gesi tu imeisha."

Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kotekote, ikisukumwa na kompresa, na friji zima huweza kuzeeka na gesi ileile ya kiwandani. Ikipungua imevuja, na palipovujia bado pako wazi. Fundi anayekujazia bila kutafuta tundu amekuuzia wiki chache za ubaridi. Tumelisema hili redioni, tumelisema kwenye maonesho ya Sabasaba, na bado watu wanajaza gesi mara tatu kwa mwaka kama wanaonunua luku.

Mama mmoja alituletea la kwake. Alinunua friji la milango miwili kwa shilingi 380,000. Alipofika dukani alilikuta linawaka, barafu imejaa juu, akaridhika. Wiki ya tatu barafu ikawa inashika kona moja tu ya friza, ile ambayo gesi huingilia, kwingine kukavu. Fundi akajaza kwa 60,000. Ilipita miezi miwili, akajaza tena, kisha tena. Siku tulipolitazama alikuwa ameshatumia 560,000, na kilichotuonyesha tatizo kilikuwa vibati viwili ambavyo havikuafikiana.

Friji lina bati lake la taarifa, mara nyingi ndani, ubavuni karibu na droo ya mboga, au nyuma. Pameandikwa modeli, namba ya bidhaa, umeme, aina ya gesi na gramu zake. Kompresa nayo, lile dude jeusi la mviringo chini nyuma, ina kibati chake chenye aina ya gesi. Ndani ya friji la mama yule paliandikwa R600a. Kwenye kompresa paliandikwa R134a. Kompresa ya kiwandani ilikuwa imekwisha kufa na mtu akapachika aliyoipata. Kila gesi ina presha yake na mafuta yake ya kompresa, na bomba jembamba la kapilari lilipimwa kiwandani kwa gesi moja tu. Ukichanganya, kompresa inafanya kazi muda wote na ubaridi hautoshi.

Kuna la hatari zaidi. R600a ni gesi inayowaka moto, ndiyo maana friji lake hubandikwa pembetatu ya manjano yenye mwali. Fundi asiyesoma bati, akawasha moto wa kuchomelea bomba wakati gesi bado imo, anajitafutia ajali sebuleni kwako. Na ukikuta bati limeandikwa R12, usiulize bei. Nchi zinazoendelea zilitakiwa na Itifaki ya Montreal, ya kulinda tabaka la ozoni, kuacha kabisa gesi za kundi hilo ifikapo Januari 1, 2010, kwa hiyo likihitaji kujazwa hutapata gesi yake halali.

Kwenye bati hilohilo soma umeme. Wetu ni 230 V na 50 Hz. Friji la Japani limeandikwa 100 V. Ukilichomeka moja kwa moja umeliunguza. Hilo wengi wanalijua na wananunua transfoma. Wasichotazama ni Hz. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Saudi Arabia, kwa mfano, huandikwa 60 Hz peke yake, na transfoma hubadili volti tu, Hz haiigusi. Mota ya 60 Hz kwenye umeme wetu huzunguka polepole kwa takriban moja ya sita, inavuta umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa, inachemka. Mashine ya kufulia iko vilevile kwa hili, nayo huhitaji jambo moja la ziada: ijazwe maji mbele yako, ifue, imwage, na ikamue hadi mwendo wa mwisho ikiwa na nguo ndani. Ikikamua tupu hujaipima.

Tuje kwenye kompresa. Mwambie muuzaji siku moja kabla kwamba unataka kulikuta friji limezimwa. Ukifika, gusa kompresa. Ikiwa ya moto, lilikuwa linawaka, rudi baadaye. Ikiwa ya baridi, washa. Inatakiwa ishike mara moja na kuunguruma kwa sauti ndogo isiyobadilika. Ukisikia mngurumo mzito wa sekunde chache, kisha "tak", kimya, na baada ya dakika chache vilevile tena, kompresa inashindwa kuanza na kilinzi chake kinaikatia umeme. Ikishika, kaa nusu saa. Omba kahawa. Barafu nyepesi isambae friza nzima, si kona moja. Zima, subiri dakika tano, washa tena, kwa sababu kompresa iliyochoka huanza vizuri ikiwa baridi na kugoma ikiwa moto. Mwisho mulika tochi nyuma: maungio ya bomba yanayong'aa, yaliyochomelewa juzi, maana yake mfumo umefunguliwa. Si kosa lenyewe kwa lenyewe, lakini muuzaji akueleze tundu lilikuwa wapi. Mara nyingi ni kwenye bomba linalozunguka fremu ya mlango wa friza, limefukiwa ndani, linakula kutu, na halionekani.

Kuhusu muuzaji, tunachokishauri ni hiki: awe na eneo la kudumu, na majirani zake wa biashara wakwambie yuko pale tangu lini na hufanya nini friji likirudi. Adai risiti? Hapana, wewe ndiye uidai, ya mashine ya EFD kama anatakiwa kuwa nayo. Iandikwe modeli, namba ya bidhaa kama ilivyo kwenye bati, na maneno "kompresa ya kiwandani" ikiwa ndivyo alivyokuambia. Bati lililobanduliwa au namba iliyokwanguliwa, achana nalo. Kupokea mali ukiwa na sababu ya kuamini kuwa ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, na "sikujua" ni vigumu kuitetea mbele ya namba iliyokwanguliwa.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo uliyopewa. Lakini wananchi wengi hawajui upande wa pili: ukishaikagua, kasoro ambayo ukaguzi ule ungeionyesha huwezi kuidai kama kasoro ya ubora. Kwa hiyo maelezo yaliyoandikwa yana uzito kuliko ahadi za mdomoni. Ukipotoshwa, anza kwa muuzaji kwa maandishi, weka nakala yenye tarehe, piga picha vibati vyote viwili kabla fundi mwingine hajagusa kitu, kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Bila picha na risiti, faili lako ni nyembamba.

Risiti ya mama yule iliandikwa kwa mkono: "friji 1". Baada ya mazungumzo muuzaji alimrudishia 150,000 na hakukubali kulichukua. Lipo jikoni kwake mpaka leo, limechomolewa, anawekea unga.