Domeni Iliyokwisha Muda: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Domeni ikiisha muda leo, kesho mtu mwingine anaweza kuisajili.

Kwa domeni za .com, hilo si kweli. Tuseme jina limeisha muda tarehe 1 Machi. Kuanzia hapo msajili, yaani kampuni uliyolipia jina hilo, anaweza kulishikilia kwa muda wa nyongeza usiozidi siku 45, na kwa kawaida katika muda huo unalihuisha kwa ada ileile ya mwaka. Akilifuta tarehe 15 Aprili, linaingia katika kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambacho mmiliki wa awali peke yake ndiye anayeweza kulirudisha, kupitia msajili huyohuyo, kwa ada iliyo kubwa zaidi. Zikipita siku hizo bila kukombolewa, husubiri kufutwa kwa siku 5, na hapo hata mmiliki aliye tayari kulipa hana la kufanya.

Dhana: Siku 45 ni haki ya kila mmiliki.

Hapa ndipo wengi hupotezea majina yao. Siku hizo 45 ni kikomo tu, na msajili anaweza kulifuta jina mapema zaidi, au, kama mkataba unamruhusu, kulipiga mnada na kumhamishia mnunuzi kabla kipindi cha ukombozi hakijaanza. Kwa hiyo soma kipengele cha kuisha muda katika mkataba wako, wala usihesabu siku kwa kufuata mfano wa mtu mwingine.

Dhana: Tarehe inayoonekana kwenye whois, huduma ya kutafuta taarifa za domeni, inatosha kuthibitisha kwamba jina liko salama.

Daftari kuu la .com huongeza mwaka mmoja lenyewe pindi muda unapoisha, hata kama hujalipa, na msajili asipopokea malipo hulifuta jina na kurudishiwa ada yake. Ndiyo maana tarehe ya mwaka ujao inaweza kumpotosha mmiliki. Linaloeleza hali halisi ni neno la hadhi:

```
whois mfano.com | grep -i status
```

Ukiona `autoRenewPeriod`, ingia kwenye akaunti yako uhakikishe malipo yamepokelewa. Ukiona `redemptionPeriod`, wasiliana na msajili siku hiyohiyo uombe kulikomboa. `pendingDelete` ikionekana bila `redemptionPeriod`, maana yake nafasi hiyo imekwisha.

Dhana: Kama hukupata taarifa, msajili hakukutumia.

Kanuni za ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya domeni duniani, humtaka msajili atoe taarifa takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, takriban wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha ikiwa jina halijahuishwa wala kufutwa. Tatizo ni kwamba wamiliki wengi huandikisha anwani ya barua pepe iliyo chini ya domeni hiyohiyo, nayo huacha kupokea barua msajili anapoizima. Anwani ya mawasiliano iwe chini ya domeni nyingine.

Domeni za nchi zina taratibu zake, na siku zilizotajwa hapa hazizihusu.