Barua pepe ya kuomba fildi: tunachotafuta tunapoisoma

Kila ifikapo Machi hadi Juni ofisi yetu, hapa mkoani Mtwara, hupokea maombi mengi ya mafunzo kwa vitendo kutoka kwa wanafunzi wa usimamizi wa miradi. Mwaka huu yameambatana na malalamiko kwamba halmashauri haijibu, au inajibu wenye ndugu ofisini. Nimepewa jukumu la kufafanua, na nitazungumzia barua pepe yenyewe, kwa sababu maombi mengi hukwama hapo.

Kwanza ieleweke barua hiyo inapita wapi. Ikiingia, masjala huichapisha, huigonga muhuri wa kupokelewa na kuiweka kwenye jalada. Jalada huenda kwa Mkurugenzi Mtendaji, hushuka Divisheni ya Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu, kisha huletwa kwetu Mipango na Uratibu tuseme kama tuna kazi ya kumpa mwanafunzi huyo na mtu wa kumsimamia. Maoni yetu hurudi kwa njia ileile. Anayepiga simu siku ya tatu akidai amepuuzwa hajapuuzwa, jalada liko njiani. Na kwa kuwa barua huchapishwa, kiungo cha kufungulia faili mtandaoni hakina msaada kwenye karatasi. Barua ya utambulisho ya chuo iambatishwe yenyewe kama PDF, si picha ya simu ambayo muhuri umekatika usionekane.

Barua hiyo ya chuo tunaihakiki kwa kupiga simu chuoni. Inasikitisha kwamba bado wapo wanaobadilisha tarehe au jina kwenye barua ya mwenzao. Huko ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 337, inaweka kifungo cha hadi miaka 7. Tarehe za chuo zikikosewa, chuo ndicho kinachozirekebisha.

Sasa maudhui. Barua nyingi zina aya moja inayosomeka hivi: "Nimesoma upangaji wa miradi, ufuatiliaji na tathmini, ununuzi na uongozi. Ni mchapakazi na ninajifunza haraka." Kichwa cha programu yako tayari kimetuambia umesoma nini, na uchapakazi kila mtu anajiandikia. Tunachotaka ni kitu kimoja ulichokitengeneza kwa mkono wako, kikiwa na tarakimu, ili tuone unaweza kukifanya tena hapa.

Nitoe mfano. Tuchukue mwanafunzi aliyepewa zoezi darasani la mradi wa madarasa mawili, bajeti shilingi milioni 40, muda wiki 12. Mwisho wa wiki ya 6 kazi ilipaswa kufika nusu, yaani yenye thamani ya milioni 20. Fedha iliyotumika ni milioni 22. Mwanafunzi wa kawaida ataandika kwamba mradi umetumia asilimia 55 ya bajeti, na wengi huisoma hiyo kama maendeleo mazuri. Sivyo. Fedha kutoka haimaanishi ukuta umesimama. Swali ni kazi iliyokamilika ina thamani gani kwenye makadirio ya awali. Msingi ulikadiriwa milioni 9 na umekamilika, kuta milioni 7 nazo zimekamilika, paa halijaanza. Thamani ya kazi iliyofanyika ni milioni 16, sawa na asilimia 40. Hapo ndipo ukweli unapoonekana: mradi uko nyuma ya ratiba kwa kazi ya milioni 4, na umetumia milioni 6 zaidi ya kazi iliyoonekana. Ukiendelea kwa mwendo huo, milioni 40 ukizidisha kwa 22 na kugawanya kwa 16, utamalizika kwa milioni 55.

Nasisitiza asilimia 40 hiyo imetoka kwenye makadirio ya gharama, si kwa kuangalia jengo na kukisia. Mwanafunzi anayekisia atatuletea taarifa inayopendeza hadi fedha ziishe na paa halipo. Anayejua tofauti hiyo aiseme kwenye barua, sentensi mbili zinatosha.

Jambo la pili ni unachotoa, na hapa wengi huandika bila kuangalia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Julai sisi tunaandika taarifa ya utekelezaji ya robo ya nne, yaani Aprili hadi Juni, huku tukikagua miradi iliyovuka mwaka ikiwa haijakamilika. Mwombaji wa Julai anayetaka "kushiriki kuandaa bajeti" ameomba kazi ambayo haitakuwepo mezani. Aliyejitolea kukusanya takwimu za miradi viporo na kuzipanga kwenye Eksel ametukuta tunapohema. Wanaoomba fildi kwenye vyama vya ushirika nao waangalie msimu wa minada ya korosho kwa njia hiyohiyo.

Barua ya mwanafunzi wa mfano wetu ingekuwa hivi:

YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KWA VITENDO, 13 JULAI HADI 4 SEPTEMBA 2026, USIMAMIZI WA MIRADI

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya usimamizi wa miradi. Naomba nafasi ya wiki 8 katika Divisheni ya Mipango na Uratibu.

Katika mafunzo yangu nimeandaa ratiba ya ujenzi wa madarasa mawili na kulinganisha fedha iliyotumika na thamani ya kazi iliyokamilika, kwa kufuata makadirio ya gharama. Ni zoezi la darasani. Sijawahi kulifanya kwenye mradi halisi. Nimeambatisha jedwali lake, ukurasa mmoja.

Kwa kuwa Julai ni mwezi wa taarifa ya robo ya nne, ninaweza kusaidia kuingiza takwimu za miradi inayoendelea kwenye Eksel na kuongozana na wataalamu kwenda eneo la mradi. Nitakuwa ninaishi Nanyamba kwa kipindi chote. Nitazingatia taratibu za ofisi na utunzaji wa siri.

Nimeambatisha barua ya utambulisho ya chuo. Namba yangu ya simu ni hii hapa chini.

Wako mtiifu,

Inasomeka kwa dakika moja. Sentensi iliyonipendeza zaidi ni ile ya "sijawahi kulifanya kwenye mradi halisi". Tunaijua hali hiyo, ndiyo sababu ya fildi kuwepo, na msimamizi anapanga vizuri anapoambiwa ukweli. Sentensi ya makazi nayo si ya kupuuzwa. Anayeomba Nanyamba huku analala Mikindani, kufikia wiki ya tatu nauli huwa imemshinda.

Nirudie pia, maana tumeeleza mara nyingi: fildi si ajira, wala si utarajali wa wahitimu. Hatulipi mshahara, na barua isiulize posho. Barua kwa kampuni binafsi za saruji au gesi mara nyingi huhitajika kwa Kiingereza. Kwetu ni Kiswahili. Na kila ofisi itumiwe barua yake. Tunapoona anwani za ofisi ishirini kwenye mstari wa wapokeaji, kila moja hudhani nyingine itamchukua mwombaji.

Namba ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na picha visitumwe katika hatua hii. Hatuvihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tukusanye taarifa za lazima tu. Ukikubaliwa, utaelekezwa cha kuleta siku ya kuripoti.

Kama siku 14 za kazi zimepita bila jibu, andika tena kwenye barua pepe ileile, chini ya ile ya kwanza, utaje tarehe uliyoituma. Masjala itaipata kwenye daftari la barua zilizoingia kwa tarehe hiyo, na itakuambia jalada liko meza gani.