Ncha ya sumaku ni nini, na kipindi chake kinapangwaje

Ncha ya sumaku ni ile sehemu ya sumaku ambapo mvuto wake ni mkali kuliko kwingine, na kila sumaku inazo mbili, ya kaskazini na ya kusini. Basi, hiyo ndo maana yake. Shida inaanza pale mwalimu anapochora kijiti kimeandikwa kaskazini upande huu na kusini upande ule, mtoto anaondoka akijua ncha ni mwisho wa kijiti, halafu sumaku unayoipata hapa Moshi kwa urahisi siyo kijiti kabisa, ni lile duara jeusi lenye tundu katikati linalotoka kwenye spika mbovu. Duara lina mwisho wapi? Ncha zake ziko kwenye nyuso mbili bapa, uso mmoja kaskazini na mwingine kusini, na ile kingo ya kuzunguka mvuto wake ni hafifu zaidi. Mimi naona kipindi chote kijengwe juu ya jambo hilo, kuchambua vitu, kutafuta ncha na kulinganisha nguvu vikae kwenye uzi mmoja badala ya kuwa michezo mitatu isiyojuana.

Duara hizo unazipata kwa mafundi redio, pale Mbuyuni au mtaa wowote wenye fundi. Mwambie akutolee duara jeusi peke yake, bila vile vyuma vilivyogundishwa juu na chini, maana vyuma vile kazi yake ni kuelekeza nguvu ya sumaku kwenye upenyo mdogo wa katikati ambako koili ya spika inakaa, ukiviacha watoto watapata majibu ya ajabu. Na usiligonge, linavunjika kama kigae. Kila kundi likipata mawili, moja kubwa na moja dogo, inatosha. Vile visumaku vidogo vya kung'aa vyenye nguvu sana waachie wakubwa, mtoto akimeza viwili vinavutana ndani ya tumbo na vinaweza kutoboa utumbo.

Kuchambua vitu ndo sehemu nyepesi ila chagua vitu vyenye mtego. Msumari na penseli pekee havifundishi kitu, kila mtoto anajua. Weka kizibo cha soda na kopo la soda la alumini pamoja, vyote vinang'aa lakini kizibo kinanasa na kopo halinasi. Ongeza kipande cha bati, waya wa shaba, na kijiko cha stainlesi, hicho cha mwisho kijaribu nyumbani kwanza kwa sababu vingine vinanasa na vingine hapana, inategemea mchanganyiko wa chuma chake. Sarafu nazo hivyo hivyo. Kabla hawajagusa sumaku waandike wanavyodhani, wengi wataandika kwamba kila kinachong'aa kitavutwa, halafu kopo la soda ndo litawabishia, siyo wewe. Wanachotakiwa kufikia ni kwamba sumaku inavuta chuma, nikeli na kobalti na michanganyiko yake mingi, metali nyingine za kawaida za nyumbani hapana. Kama shule iko kwenye udongo wa volkano, na huku kwetu ndo upo, funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni mkapitishe kwenye mchanga mweusi mkavu, chembe zitanasa nje ya mfuko, hizo ni madini ya chuma yaitwayo magnetaiti.

Sasa kwenye vile vitu ficha kimoja, kipande cha sumaku ulichokiviringishia karatasi, na msumari nao uuviringishie vilevile. Vyote viwili vitanasa. Waulize kipi ni sumaku? Hapa ndo kipindi kinapofunguka, kwa sababu kunasa hakuthibitishi kitu, chuma cha kawaida nacho kinanasa ukileta uso wowote. Kinachothibitisha ni kufukuzana, geuza sumaku yako ulete uso wa pili, ile iliyofichwa itasukumwa kando, msumari utanasa tu. Ncha zinazofanana zinafukuzana na zilizo tofauti zinavutana, wataiona bila kukariri.

Kujua ipi ni ya kaskazini, pitisha uzi mwembamba kwenye tundu la duara ulining'inize lisimame wima kama gurudumu, litazunguka, litayumba, halafu litatulia uso mmoja ukitazama kaskazini. Moshi tuna bahati hapa, Kibo iko karibu kabisa kaskazini ya mji, kwahiyo uso unaotazama Kibo ndo ncha ya kaskazini, tia chaki. Arusha usitumie Meru hivyo hivyo, ukiwa mjini mlima unaelemea mashariki kidogo, tumia jua la asubuhi kupata mashariki halafu hesabu kutoka hapo. Fanya hili nje uwanjani, mbali na madirisha ya nondo na madawati yenye miguu ya chuma, na makundi yaachane hatua kadhaa. Ukiona duara kila ukilizungusha linatulia upande tofauti, ujue kuna chuma au sumaku nyingine karibu, au uzi wenyewe umejisokota.

Mtoto mwerevu atauliza mbona ukiikata sumaku hupati kipande chenye ncha moja tu. Ndani ya sumaku kuna sehemu ndogo ndogo mno ambazo kila moja ni sumaku, nyingi zimeelekea upande mmoja kama wanafunzi mstarini asubuhi wakitazama bendera, ukigawa mstari katikati kila nusu bado ina mbele na nyuma.

Kulinganisha nguvu kunaharibika kirahisi. Laza msumari wa nchi moja kwenye sifuri ya rula ya plastiki, sogeza sumaku taratibu kutoka mbali, pale msumari unaporuka soma milimita. Tuseme duara kubwa limetoa 24, 27 na 25, unachukua ile ya katikati, 25. Dogo likatoa 15, 14 na 16, unachukua 15. Kubwa lina nguvu zaidi, sawa. Ila kundi lingine linakuja na majibu kinyume, kubwa 11 na dogo 15, usiwaambie wamekosea, nenda ukaangalie wanavyolishika. Mara nyingi utakuta kubwa wamelisogeza kwa kingo na dogo kwa uso bapa, yaani wamelinganisha sehemu hafifu ya moja na ncha ya nyingine. Waache walirudie kwa uso bapa waone namba inavyopanda, hapo ndo wanaielewa ncha kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Jambo lingine, msumari uliogusa sumaku unabaki na usumaku kidogo, jaribio la pili unaweza kuruka mapema kuliko la kwanza. Kila jaribio msumari mpya wa saizi ileile, uliotumika ukae pembeni.

Kwa muda, omba vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80. Kuchambua kusizidi 20, nyingine zigawe kati ya ncha na nguvu. Kwenye andalio la somo, sehemu ya tathmini, nisingeandika swali la kutaja ncha mbili, ningewapa duara ambalo hawajawahi kuliona na misumari michache mipya, waoneshe kwa kupima sehemu zipi ndo ncha zake na waseme wamejuaje.