Je, wajua pini za chaja husema ukweli kuliko boksi lake?

"Fundi, pale vibanda vya Mwembe Tayari, Mombasa, watu wanasukumana na muuzaji anataka pesa yake. Nitajuaje kichwa cha chaja ni orijino au ni feki kabla sijalipa?"

Kigeuze uangalie pini, kisha usome maandishi madogo, kisha ukichomeke na simu yako mwenyewe. Fuata mpangilio huo huo. Boksi, nembo na karatasi ya plastiki viache mwisho kabisa, kwa sababu hivyo ndivyo rahisi zaidi kuiga. Mtu mwenye mashine ya kuchapa atakutolea boksi zuri kuliko la kiwandani. Kutengeneza pini inavyotakiwa kunahitaji shaba nzuri na vipimo sahihi, na hapo ndipo mwenye kughushi hubana matumizi.

Kenya tunatumia plagi ya pini tatu bapa, ya kiwango kinachoitwa BS 1363. Kiwango hicho kinataka kuanzia ukingo wa pini hadi ukingo wa plastiki ya kichwa kuwe na nafasi isiyopungua milimita 9.5. Sababu yake ni vidole. Unapochomeka au kuchomoa gizani, kidole huteleza pembeni mwa kichwa, na nafasi hiyo ndiyo inayokizuia kisifike kwenye pini yenye stima ya 240. Vichwa vingi feki ni vidogo mno, na pini zimekaa karibu kabisa na ukingo.

Sokoni hakuna mtu anayetembea na rula, lakini kipimo unacho ndani ya simu. Toa laini yako, ile kadi ndogo kabisa ya simu za sasa. Upande wake mfupi ni milimita 8.8. Iweke kati ya pini na ukingo wa kichwa, upande huo mfupi ukipima ile nafasi. Kadi ikitokeza nje ya ukingo, rudisha kichwa kwa muuzaji, hakuna haja ya kuendelea. Ikienea na pakabaki mwanya mdogo kama unene wa kadi yenyewe, umefika karibu kabisa na zile 9.5. Pima pini zote mbili za chini, kila upande ulio karibu na ukingo. Usifanye haraka, na kadi uishike vizuri, maana ikianguka katikati ya miguu ya watu pale huioni tena.

Sasa tazama rangi. Pini mbili za chini zinatakiwa ziwe na vazi la plastiki, kwa kawaida jeusi, kuanzia shinani hadi karibu nusu, ili kichwa kikiwa kimetoka kidogo kwenye soketi, sehemu inayoonekana isiwe na stima. Vazi hilo linakaa sawasawa na chuma. Pitisha ukucha juu yake, usikwame mahali. Ukiona limetuna kama mpira uliovalishwa baadaye, au linazunguka ukilisukuma, hicho si cha kununua. Pini ya juu, ile ndefu ya erthi, haivai kitu. Ikiwa ni ya chuma na imevalishwa nyeusi kama wenzake, aliyeitengeneza hajui hata ile pini ni ya kazi gani. Hapa watu hukosea, kwa hiyo niseme wazi: pini ya juu ya plastiki tupu si dalili ya ufeki. Chaja nyingi za simu hazihitaji erthi, ndiyo maana ubavuni mwake zina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Pini ile huwa kazi yake ni kufungua vifuniko vidogo vilivyo ndani ya soketi tu.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa pwani tunalipata bure. Hewa yetu ina chumvi. Pini za kawaida za kiwango hiki ni za shaba iliyopakwa rangi ya fedha, na shaba haifanyi kutu nyekundu. Ikizeeka hufanya ukijani. Kwa hiyo kichwa kilichoning'inizwa kibandani wiki kadhaa, kikianza kuonyesha vidoa vya hudhurungi pale pini inapoingia kwenye plastiki, kimejitaja chenyewe: ndani ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Wauzaji wengine huvifuta kwa kitambaa asubuhi, lakini kile kilichojificha shinani huwa kinabaki. Inamisha kichwa kwenye mwanga wa jua, uangalie pale pale.

Kuna vile vichwa vya pini mbili za mviringo, ambavyo watu huvichomeka kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi. Hata kama ni orijino wa nchi nyingine, soketi yetu haikutengenezewa pini hizo. Hukaa legelege, hutoa cheche, soketi huungua. Mimi sivinunui.

Tuje kwenye maandishi. Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza mahamri karibu na kibanda changu aliniletea kichwa alichonunua shilingi 250. "Mwanangu, simu yangu ilikuwa inajaa kwa saa moja na kitu. Kwa hiki nalala naamka iko nusu." Usoni mwa kichwa kulikuwa na 45W kwa herufi kubwa za kung'aa. Nikamwomba kioo chake cha kusomea, tukasoma pamoja yale madogo ya chini, kwenye mstari wa Output. Palikuwa na hii tu:

```
Output: 5V 2A
```

Hesabu yake ni ya darasani: volti mara ampea ndiyo wati. Tano mara mbili ni kumi. Kichwa kilichojitangaza cha wati 45 kilikuwa kinakiri chenyewe, kwa herufi ndogo, kwamba mwisho wake ni 10. Chaja ya kweli ya kasi huandika zaidi ya mstari mmoja, kwa sababu hubadilisha volti kulingana na simu inavyoomba. Ya wati 15, kwa mfano, mara nyingi utaikuta na 5V 2A na pia 9V 1.67A, na tisa mara 1.67 ni kumi na tano. Ya wati 25 utakuta 9V 2.77A, ambayo ni ishirini na nne na pointi tisa hivi. Namba kubwa ya usoni lazima itoke kwenye mojawapo ya mistari ya nyuma. Isipotoka, mtu anakudanganya, na aliyekudanganya kwenye namba hana sababu ya kuwa mkweli kwenye vilivyo ndani. Angalia pia mstari wa Input usomeke 100-240V, na maneno yawe yameandikwa kwa herufi safi zisizofutika ukizisugua kwa kidole.

Kile kichwa cha mama nilikifungua, naye akitazama. Ndani ya chaja kuna pande mbili: upande unaopokea stima ya ukutani na upande unaopeleka volti chache kwenye simu. Kwenye chaja nzuri pande hizo hutenganishwa na nafasi ya karibu milimita 6 kwenye ubao, na mara nyingine ubao hukatwa mfereji kabisa katikati. Kwenye kile chake, njia ya stima na njia ya simu zilipita karibu hivi kwamba ukucha wangu haukupita katikati, haikufika milimita 1. Siku moja ya unyevu, au mende mmoja akifia pale, stima ya 240 inafuata waya hadi mkononi mwa mtu anayeongea na simu ikiwa inachaji. Mama alikaa kimya, halafu akaniambia kichwa hicho mjukuu wake ndiye huwa anakichomoa.

Ndani huwezi kuona sokoni, lakini kuna dalili moja inayotoka nje, nayo ndiyo sababu ya kuchomeka kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Kaka, nishikie pesa yangu hapa, nijaribu kwanza." Muuzaji mwaminifu ana ekstenshoni mezani na hakatai. Nenda na simu iliyo chini ya asilimia 50, kwa sababu ikikaribia kujaa hupunguza kasi yenyewe na utalaumu chaja bure. Tumia waya wako unaoujua kuwa ni mzima, maana waya mbovu huiharibia sifa hata chaja nzuri. Kwanza sikiliza mkono wako wakati wa kuchomeka: kichwa kiingie kwa ukinzani kidogo, kikae imara, kisitikisike wala kisihitaji kupigwa. Kisha tazama skrini. Simu nyingi zinazochaji haraka huandika Fast charging au Super fast charging ndani ya sekunde chache. Kama chaja yako ya zamani ilikuwa ikiandika hivyo na hii haiandiki, ya wati nyingi imeshindwa mtihani wake.

Halafu fungua sehemu ya kuandika ujumbe uandike sentensi nzima ikiwa bado inachaji. Chaja isiyochuja umeme vizuri huichanganya skrini: herufi zinaruka, unagusa hapa kunajibu pale, wakati mwingine simu inajifungulia vitu yenyewe. Ile ya mama ilifanya hivyo hivyo, na alikuwa anadhani simu yake imeanza kuzeeka.

Stika ya ISM ya Shirika la Viwango, KEBS, huwekwa kwenye bidhaa zinazoingizwa nchini, na ni vizuri kuiona. Lakini stika nayo huchapishwa, na vichwa vingi vya kibandani vimeshatolewa kwenye maboksi yake. Kwangu mimi stika bila pini nzuri haitoshi. Vivyo hivyo, kichwa cha jina usilolijua, kilichoandika wati 10 na kikatoa wati 10, chenye pini sawa, si feki. Feki ni kile kilichovaa jina la mwingine au namba isiyo yake.

Zipo nakala nzuri ambazo zitapita yote haya, kwa hiyo kabla hujaondoka mwombe muuzaji akuandikie risiti yenye namba yake ya simu na mkubaliane utarudisha hadi kesho. Nyumbani ichomeke mara ya kwanza ukiwa macho, simu ikiwa sakafuni na si kitandani, kwa dakika ishirini. Joto la kawaida unalishika bila shida. Ikifika mahali mkono hauwezi kutulia juu yake, au ukasikia harufu ya plastiki, zima kwenye swichi ya ukutani kwanza, ndipo uichomoe, na asubuhi irudi Mwembe Tayari pamoja na risiti yake.