Maana ya bei ya mwisho katika kupatana kodi ya nyumba

Swali la "mwisho ngapi?" huulizwa kila siku, lakini ni nadra kujibiwa kwa ukweli. Bei ya mwisho ni kiwango ambacho mtu akivukishwa ni heri aondoke, na kinategemea hali itakayomkuta iwapo hawatapatana. Mwenye shida hukubali mengi, na ndiyo maana kila upande huificha shida yake.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chumba na sebule huko Sinza, Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba anataka shilingi 300,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita ilipwe mkupuo. Hasemi kwamba chumba kimekaa kitupu miezi miwili, wala kwamba kufikia Jumatatu anadaiwa ada ya mtoto, shilingi 900,000. Moyoni mwake, 230,000 inatosha. Kijana anayetaka kupanga anataja 200,000, ingawa yuko tayari kufika 260,000. Naye hasemi kwamba Jumamosi anatakiwa kuhama anakoishi, na kwamba fedha zake zote ni 1,250,000, ambazo ndani yake imo kodi ya mwezi mmoja ya kumlipa dalali.

"Mwanangu, kuna mtu anakuja kukiona saa kumi," anasema mama.

"Basi mama, mwache akione kwanza," anajibu kijana, huku akiutazama ufunguo uliowekwa mezani.

Mama anausogeza ufunguo karibu na kijana. Ishara hiyo ina uzito kuliko maneno, kwa kuwa anayengojea mteja mwingine hana haraka ya namna hiyo. Hata hivyo kijana naye anajifichua anapouliza kama maji yatakuwepo Jumamosi.

Kwa bei peke yake wangeweza kupatana popote kati ya 230,000 na 260,000. Kinachowakwamisha ni miezi: hata kwa 230,000, miezi sita ni 1,380,000, na kijana hana. Akiendelea kubishania bei tu, mama atadhani mteja hataki, kumbe hawezi. Kwa maoni yangu hapa ndipo usiri unapowaumiza wote wawili. Kunyamazia bei yako ya mwisho ni halali. Kunyamazia namna unavyoweza kulipa ni kuufunga mlango ambao mwenzako angeupitia kwa furaha.

Kijana anasema, "Mama, nikikupa miezi minne leo hii kwa 250,000?" Hiyo ni 1,000,000, nayo 250,000 inayobaki inakwenda kwa dalali. Hajasema kwamba Jumamosi anatakiwa kuhama, wala mama hajataja ada. Mama ananung'unika kidogo kwamba miezi minne ni michache, kisha anamwita binti yake alete daftari la mikataba.